Feni ya laptopu inanguruma au inakwaruza? Soma joto kwanza kabla hujampa fundi hela

Leo naongelea feni ya laptopu, maana wengi wetu tunafanyia kazi laptopu zilizotumika, tunaziacha zimewashwa kutwa nzima, tunahariri picha na video za bidhaa, halafu siku moja feni inaanza kunguruma kama inataka kupaa. Unampelekea fundi, anaisikiliza sekunde tano anakwambia "bodi inakufa hii" au "badilisha feni". Labda ni kweli, labda siyo. Ila kuna njia ya kujua mwenyewe kwa nusu saa, bila kufungua skrubu hata moja.

Mimi nina duka dogo la nguo za watoto, nauza zaidi mtandaoni. Ufundi huu sikuusomea, nimejifunza kwa kufungua laptopu zangu na za majirani zangu wa biashara. Kitu kikubwa nilichokiona ni hiki: kunguruma na kukwaruza ni magonjwa mawili tofauti. Watu wanayachanganya, na hapo ndipo hela inapopotea.

Kunguruma siyo kukwaruza

Kunguruma ni sauti ya upepo mwingi. Inapanda na kushuka taratibu, ila haina kigugumizi. Hapo feni yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa, inafanya kazi iliyoamriwa. Laptopu imepima joto, imeona limepanda, imeiambia feni ikimbie. Ukibadilisha feni hapo, mpya nayo itanguruma vilevile kwa sababu joto bado lipo.

Kukwaruza ni sauti ya kitu kugusana na kitu. Inaweza kuwa trrr-trrr, au tik-tik-tik inayokwenda haraka feni inapokwenda haraka. Mara nyingi inaanza asubuhi laptopu ikiwa ya baridi, halafu inapungua ikipata moto. Ukiinamisha laptopu upande sauti inabadilika au inakata. Hiyo ni shida ya feni yenyewe: beringi imelika, au kuna kitu kimeingia kinagusa mapanga yake.

Laptopu moja inaweza kuwa na yote mawili, na nitawaonyesha mfano hapo chini. Ila anza kwanza na joto.

Joto linasomwa wapi

Kwenye Windows, ile Task Manager tuliyoizoea haionyeshi joto la prosesa. Inaonyesha kazi kwa asilimia na kasi tu. Kwa hiyo shusha programu ya bure inaitwa HWiNFO, ifungue, chagua "Sensors-only". Itakuletea orodha ndefu ya namba, usiogope. Tafuta mistari mitatu tu: "CPU Package" ambayo ni joto la prosesa, "Core Thermal Throttling" inayosema Yes au No, na kama laptopu yako inaruhusu, kasi ya feni kwa mizunguko kwa dakika, inaandikwa RPM. Laptopu nyingi hazionyeshi RPM kwenye programu za nje, usiwe na wasiwasi ukiikosa.

Kama unatumia Ubuntu au ndugu zake, andika hivi:

```
sudo apt install lm-sensors
sensors
```

Soma mstari ulioandikwa "Package id 0". Hilo ndilo joto lako.

Sasa jambo la muhimu kuhusu hivi vipimajoto. Kile cha prosesa kimejengwa ndani ya prosesa yenyewe, na kazi yake kubwa ni kujua umebakiza digrii ngapi kufika kikomo. Kwa hiyo kinasema kweli zaidi joto likiwa juu, na likiwa chini kinaweza kupishana digrii kadhaa. Ukiona 45 na jirani yako ana 48, hiyo siyo habari. Ukiona 95, hiyo ni habari.

Na kuna namba za uongo pia. Feni inapuliza hewa ya chumbani, haina barafu ndani. Haiwezi kuipoza prosesa ikawa ya baridi kuliko chumba. Kama chumba kina digrii 30 na mstari fulani unasema 22, au unasema 27.8 asubuhi, mchana na jioni bila kusogea hata kidogo, basi mstari huo haupimi kitu. Achana nao, soma "CPU Package".

Jaribio la dakika ishirini

Weka laptopu juu ya meza ngumu. Siyo kitandani, siyo kwenye mapaja, siyo juu ya rundo la nguo, maana matundu ya kuvuta hewa mengi yako chini. Iwashe, funga kila kitu, iache dakika 10. Andika joto na asilimia ya kazi ya prosesa.

Halafu ipe kazi. Chukua video yako ya bidhaa ya dakika moja, iambie programu ya kuhariri iitoe kuwa faili. Angalia joto linapanda kwa haraka kiasi gani, linasimama wapi, na Throttling inasema nini. Wakati huohuo fungua Task Manager uone kasi ya prosesa kwa GHz.

Mwisho weka kiganja kwenye tundu la pembeni au la nyuma linalotoa hewa. Usikiruke hiki kipimo, kina majibu mengi kuliko unavyofikiri.

Sasa soma majibu yako:

1. Joto liko juu, na asilimia ya kazi iko juu wakati wewe hufanyi kitu. Shida siyo feni wala vumbi. Kuna programu inakula prosesa kwa siri. Panga orodha ya Task Manager kwa CPU uione. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa thelathini, au Windows inajisasisha.

2. Joto liko juu bila kazi, feni inanguruma, na hewa inayotoka ni kidogo na ya moto. Hewa haipiti. Hilo ni vumbi.

3. Joto liko juu, feni inanguruma, lakini hewa inatoka nyingi na ni ya baridi tu. Hewa inapita ila joto halifiki kwenye hewa. Hapo ni ile pesti kati ya prosesa na bamba la shaba imekauka, au bamba halijakazwa vizuri.

4. Joto liko sawa, ila sauti inakwaruza. Ni beringi au kuna kitu kinagusa.

5. Joto liko chini muda wote, lakini feni inakimbia mwisho kabisa tangu unawasha. Laptopu haipati taarifa sahihi. Waya wa feni umelegea, au kipimajoto kingine kwenye bodi kimeharibika, au BIOS inahitaji kusasishwa. Hii ndiyo ya kumpelekea fundi.

6. Joto linapanda na feni iko kimya. Zima sasa hivi. Feni imekufa au imekwama.

Mfano: laptopu ya dada wa mitandio

Kuna dada jirani yangu anauza mitandio na madera. Laptopu yake ni ya ofisini iliyotumika, prosesa ni i5-6300U. Hiyo prosesa kikomo chake ni digrii 100, na kasi yake ya juu ni 3.0 GHz. Alikuja ananilalamikia, "Mdogo wangu, hii mashine inanguruma kutwa, na fundi ameniambia nitafute nyingine."

Tukafanya jaribio. Chumba kilikuwa na digrii 30. Baada ya dakika 10 bila kazi, prosesa ilikuwa inafanya kazi asilimia 3 tu, lakini joto lilikuwa 68 na feni inanguruma. Fikiria hapo: prosesa haifanyi kitu, feni inakimbia, na bado ni 68. Laptopu ya aina hiyo ikiwa safi, kwenye chumba kama kile, inakaa arobaini na kitu.

Tukatoa video ya dakika moja. Ndani ya sekunde kama ishirini joto likafika 99, Throttling ikasema Yes, na kasi ikaporomoka kutoka 2.9 GHz mpaka 1.4. Hii ndiyo sababu alikuwa analalamika pia kwamba laptopu imekuwa nzito. Haikuwa nzito, ilikuwa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Video moja ilichukua dakika 9.

Kiganja kwenye tundu: hewa kidogo, ya moto. Jibu namba 2. Na ukisikiliza kwa makini, chini ya ule mngurumo kulikuwa na trrr ndogo. Hiyo tukaiweka kiporo.

Vumbi liko wapi hasa

Watu wakifungua laptopu wanapangusa mapanga ya feni, wanaona yako safi, wanafunga. Vumbi baya haliko hapo. Ndani ya laptopu feni inapuliza hewa kupitia kitu kama rejeta ndogo ya gari, yenye vibati vyembamba vilivyopangwa karibukaribu sana. Vumbi linanasa upande wa ndani wa hiyo rejeta, pale inapopakana na feni. Linajishikiza, linabanana, linakuwa kama kipande cha blanketi. Ukitazama kwa nje kupitia tundu hulioni vizuri.

Na sisi wauza nguo tuna balaa la ziada. Pamba na vitambaa vinatoa nyuzinyuzi ndogo kila ukikunja na kukunjua. Zile nyuzi ndizo zinalishika vumbi la kawaida pamoja. Vumbi la barabarani peke yake lingepita kiasi, lakini likikutana na nyuzi za nguo linakuwa zulia. Kwa dada yule lilitoka zima, kipande kirefu kama kidole, unakishika kwa mkono.

Jinsi ya kulitoa:

Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, ukishafungua kifuniko cha chini kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Skrubu zipange kwa mpangilio uleule ulivyozitoa, kwa sababu urefu unatofautiana, na skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa upande wa pili.

Ikiwezekana toa feni yenyewe, mara nyingi ni skrubu mbili au tatu na waya mmoja mdogo. Ukishaitoa utaliona lile zulia limekaa mdomoni mwa rejeta. Livute kwa kibanio au kijiti cha meno. Mabaki yamalizie kwa brashi laini kavu ya rangi.

Usipulize kutokea nje bila kufungua. Ukifanya hivyo zulia linarudi ndani, linaangukia kwenye feni, na kesho unasikia linakwaruza. Kama unatumia bloa au kopo la hewa, shikilia mapanga kwa kidole yasizunguke. Upepo mkali unaizungusha feni kupita kasi iliyotengenezewa, na beringi iliyochoka ndiyo inamalizikia hapo. Upepo wa kujaza matairi usiutumie kabisa, una nguvu nyingi na mara nyingi unatoka na majimaji.

Bamba la shaba lililo juu ya prosesa usiling'oe kama jibu lako lilikuwa namba 2. Ukiling'oa lazima uweke pesti mpya, kwa sababu ya zamani ikishaachana hairudi kushika vizuri. Kama ni namba 3, hapo ndipo unaling'oa: skrubu zake mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3, 4, legeza kidogokidogo kwa zamu, futa pesti ya zamani kwa kitambaa chenye alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza kwa kufuata namba. Dawa ya meno siyo mbadala, inakauka siku chache tu.

Tukafunga, tukarudia jaribio lilelile kwenye meza ileile. Bila kazi: 45. Kutoa video: ikasimama kwenye 76, Throttling No, kasi 2.8. Video ikatoka dakika 5. Mngurumo ukaisha.

Na sasa kwa sababu mngurumo umeisha, ile trrr ikasikika vizuri kabisa.

Beringi: jinsi ya kuipima kwa kidole

Feni nyingi za laptopu hazina gololi ndani. Zina kijiti kinachozunguka ndani ya bushi yenye mafuta kidogo sana. Joto linayakausha mafuta, vumbi linaingia, bushi inalika, kijiti kinaanza kucheza. Ndiyo maana vumbi na beringi huwa wanakuja pamoja: zulia linaleta joto na linailazimisha feni ikimbie kutwa, miezi na miezi.

Feni ikiwa mkononi fanya vitu vitatu. Kwanza, itazame: kuna waya umeangukia kwenye mapanga, kipande cha plastiki, panga lililovunjika? Hiyo ni rahisi, ondoa au badilisha. Pili, izungushe taratibu kwa kidole uiachie. Nzima inaendelea kidogo na kusimama polepole. Iliyokauka inasimama ghafla, au unasikia mkwaruzo kidoleni. Tatu, shika kitovu cha feni ukitingishe kushoto na kulia. Kikicheza mpaka panga linagusa ukingo, bushi imelika. Kupanda na kushuka kidogo sana ni kawaida kwa feni nyingi, kwa sababu kinashikwa na sumaku.

Je, mafuta yanasaidia? Yanasaidia kama imekauka, hayasaidii kama imelika. Kwenye feni nyingi unaweza kuvuta mapanga taratibu yakatoka, kijiti kikaonekana. Kifute, tia tone moja tu la mafuta ya cherehani, rudisha. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi. Ile ya kupuliza ya kulegeza kutu inaosha mafuta yaliyobaki halafu inakauka, wiki mbili unarudi ulipoanza. Na ukitia matone matatu yatarushwa ndani, yatashika vumbi.

Ya dada ilikuwa imelika, kitovu kinacheza. Tulitia tone ili apate muda wa kuagiza nyingine. Ilikaa kimya wiki tatu, halafu trrr ikarudi. Hiyo ndiyo alama: mafuta yakikaa kimya wiki chache tu, usitie tena, nunua feni.

Kununua feni sahihi

Usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Modeli moja inaweza kuwa na feni mbili tofauti, kwa mfano yenye kadi ya picha ya ziada na isiyo nayo. Kwenye feni ya zamani kuna stika yenye namba ya kifaa, volti na ampea. Ipige picha, mtumie muuzaji, linganisha namba. Halafu hesabu waya. Nyingi zina nne: wa umeme, wa kurudi, wa kuripoti kasi na wa kupokea amri ya kasi. Feni inaweza kuingia na kuzunguka, lakini kama ule wa kuripoti haufanyi kazi, laptopu inaamini feni imekufa. Baadhi zitakuandikia "Fan error" ukiwasha na kukataa kuendelea, japo unaisikia inazunguka kabisa. Ukiona hivyo, kwanza chomeka upya waya, ukishindikana rudisha feni ukiwa bado na risiti.

Yeye feni ilimgharimu shilingi 35,000, ufungaji tulifanya wenyewe. Tukarudia jaribio kwa mara ya mwisho: 44 bila kazi, 75 kwenye video, trrr hakuna.

Ukienda kwa fundi

Kama hutaki kufungua mwenyewe, ni sawa, ila nenda na namba zako: joto bila kazi, joto kwenye kazi, Throttling ndiyo au hapana, na hewa ya tundu ikoje. Mwambie "68 bila kazi, 99 kwenye video, hewa kidogo ya moto". Fundi mzuri ataelewa papo hapo pa kuanzia. Akimaliza, kabla hujalipa, rudieni video ileile mbele yake. Namba zikiwa zilezile za mwanzo, kazi bado haijafanyika, hata kama kelele imepungua.

Na wewe muuza nguo, mitandio au vitambaa, jaribio hili lirudie kila baada ya miezi mitatu na uandike namba kwenye daftari. Ukiona ile ya bila kazi imepanda digrii kumi kwenye chumba kilekile na hali ya hewa ileile, zulia limeanza kujijenga. Litoe sasa, kabla beringi haijalipia.